"I look forward to…": Kitenzi Kinachofunga Barua

Tuchukue barua moja ya kuomba kazi. Mwombaji amemaliza stashahada ya hoteli na utalii, anatafuta nafasi ya mapokezi katika hoteli moja ya Arusha, na ameandika kwa Kiingereza kwa sababu tangazo lenyewe lilitoka kwa Kiingereza. Ameanza na "Dear Sir or Madam". Ameeleza masomo yake, mafunzo yake ya vitendo na lugha anazozijua. Aya ya mwisho inasema hivi:

"I have attached my CV and copies of my certificates. I am available for an interview any day next week. I look forward to meet you.

Yours faithfully,"

Hakuna neno lililokosewa tahajia. Kikagua tahajia cha kawaida, ambacho hulitazama neno mojamoja, hakina la kulalamikia, maana "meet" ni neno halali la Kiingereza. Hata hivyo sentensi ya mwisho ina kosa, na msomaji aliyekizoea Kiingereza hulisikia papo hapo. Ilipaswa kuwa "I look forward to meeting you."

Kosa hili halifichi maana. Afisa utumishi ataelewa vizuri kwamba mwombaji anangoja kwa hamu siku ya kuonana. Ubaya wake ni pale lilipokaa: ndiyo sentensi ya mwisho kabla ya saini, ile inayobaki kichwani msomaji anapoiweka barua chini na kuchukua inayofuata. Nimezisoma barua nyingi za vijana zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa kuanzia mstari wa kwanza, halafu zikateleza hapa, na huniuma kwa sababu kanuni yenyewe ni moja tu. Tena anayeielewa kanuni hiyo, badala ya kukariri sentensi, hurekebisha kwa mpigo mmoja sentensi nyingine nyingi ambazo hakujua kuwa zina kasoro ileile.

Asili ya tatizo ni neno dogo "to". Katika Kiingereza kuna "to" mbili, zinazoandikwa sawasawa na kutamkwa sawasawa, ila kazi zao ni tofauti kabisa. Ya kwanza ni kihusishi, nduguye "at", "for", "from" na "without". Hii huonyesha mwelekeo au uhusiano, na baada yake hukaa nomino: "to Dodoma", "to my mother", "to the market". Ya pili ni alama tu ya kitenzi: "to eat", "to read", "to meet". Hii haielekezi popote. Hutangulia kitenzi kikiwa katika umbo lake la asili, basi.

Zamani zilikuwa moja. Katika Kiingereza cha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kitenzi kilichofuata "to" kilivaa mwishilizo kama wa nomino, kuonyesha kwamba kinatawaliwa na kihusishi. Karne zikapita, mwishilizo ule ukadondoka, na "to" ikabaki imeganda mbele ya kitenzi kama alama. Ile nyingine ikaendelea na kazi yake ya tangu awali. Ndiyo maana leo tunakuta mbili zenye sura moja, na jicho peke yake haliwezi kuzitenganisha. Sikio nalo halisaidii, kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida zote mbili hutamkwa haraka na kwa kufifia.

Sasa tuufumue usemi wenyewe. "Look" ni kitenzi. "Forward" ni kielezi, mbele. "To" hapa ni kihusishi, na kihusishi hudai nomino. Hakuna anayebabaika akiandika "I look forward to Friday", au "I look forward to your reply", au "I look forward to the wedding". Ijumaa, jibu na harusi ni nomino, na zinakaa baada ya kihusishi bila shida. Utata huanza pale kinachongojewa kinapokuwa tendo: kuonana, kusikia, kufanya kazi pamoja. Tendo haliwezi kusimama baada ya kihusishi hivihivi, ni lazima kwanza ligeuzwe nomino, na Kiingereza hufanya hivyo kwa kuongeza "-ing" mwishoni mwa kitenzi. Kwa hiyo "meet" inakuwa "meeting", "hear" inakuwa "hearing", "work" inakuwa "working". Haya ndiyo maumbo ambayo sarufi ya Kiswahili ingeyaita vitenzi-jina.

Msomaji anaitumia kanuni hii kila siku bila kuijua. Anaandika "before leaving", "after eating", "without asking". Hajawahi kuandika "before to leave" wala "without to ask". Katika vihusishi hivyo hateleze, kwa sababu havina pacha. Hakuna "before" nyingine ambayo ni alama ya kitenzi. "To" ndiyo pekee yenye pacha, na mtego uko hapo.

Kwa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili, mtego huo ni mkubwa zaidi, na inafaa kueleza kwa nini. Kiambishi chetu "ku-" hubeba kazi zote mbili. Tunasema "nataka kusoma", "kusoma ni muhimu", "baada ya kusoma" na "kusoma kwake kumemsaidia", na katika sentensi zote nne neno ni lilelile, halibadiliki. Kiingereza kinazigawa. Baada ya kutaka, kinatumia "to read". Katika nyingine tatu kinatumia "reading". Lakini darasani tulifundishwa kwa orodha: kula ni "to eat", kulala ni "to sleep", kusoma ni "to read". Tukaondoka na imani kwamba "ku-" na "to" ni kitu kimoja. Ni kweli nusu tu.

Ona kinachotokea mwandishi anapokuwa na wazo la "natazamia kukutana nawe" na kulipeleka kwenye Kiingereza. Anaandika "I look forward", kisha anaandika "to", na moyoni anaona ameshaitafsiri ile "ku-" ya "kukutana". Kilichobaki ni kitenzi, basi anaweka "meet". Kumbe "to" ile haikuwa ya "kukutana". Ni mali ya "look forward". Kiswahili nacho kina kipande kama hicho, ila kimejificha ndani ya kitenzi: kutoka "tazama" tunapata "tazamia", na ile "-ia" ndiyo inayofanya kazi ambayo Kiingereza kimempa kihusishi. Kwa hiyo mpaka wa sentensi unapita baada ya "to", si kabla yake. "Natazamia" yote ni "I look forward to". "Kukutana nawe" yote ni "meeting you". Aliyeandika "to meet" ameihesabu "to" mara mbili, na "ku-" yake haijatafsiriwa bado.

Kuna chanzo kingine cha kosa, nacho kinatoka ndani ya Kiingereza chenyewe. Maneno "to meet you" yamo katika salamu tunayoikariri mapema sana shuleni, "Nice to meet you", na dada yake "Pleased to meet you". Pale ni sahihi, kwa kuwa baada ya kivumishi kama "nice" au "pleased" hufuata kitenzi chenye alama ya "to". Ulimi ukishayazoea maneno matatu "to meet you" kama kifungu kimoja, mkono huyaandika popote unapoyaona yanafaa. Na wala si sisi peke yetu. Wajerumani wanaojifunza Kiingereza huteleza mahali hapohapo, kwa kuwa usemi wao wenye maana hii hufuatwa na kitenzi chenye alama yao wenyewe, "zu", ambayo ni ndugu wa damu wa "to".

Mtu atajuaje basi "to" aliyonayo ni ipi? Kipimo ni kimoja na hakihitaji kitabu. Ondoa kitenzi pamoja na kila kinachokifuata, weka "it" mahali pake, kisha usome. "I look forward to it." Inakubali. Basi "to" hiyo ni kihusishi, na kitenzi kikirudi kitarudi na "-ing". Sasa jaribu na "hope": "I hope to it." Haikubali, haina maana. Basi "to" ya "hope" ni alama ya kitenzi, na sentensi sahihi ni "I hope to meet you", bila "-ing". Jaribu na "want": "I want to it." Haikubali. Na "object", kupinga: "I object to it." Inakubali, kwa hiyo "I object to paying twice", napinga kulipa mara mbili.

Nakisisitiza kipimo hiki kwa sababu ya jambo ninaloliona kwa wale waliosahihishwa mara moja bila kuelezwa sababu. Wanakumbuka kwamba baada ya "to" kuna "-ing", na wanaanza kuipachika kila mahali. Barua inayofuata inakuja na "I hope to hearing from you" na "I would like to applying". Kosa la kwanza limeondoka, na mawili yameingia. Mwalimu anayeandika "meeting" kwa wino mwekundu juu ya "meet" na kuendelea na daftari jingine amemsaidia mwanafunzi kwa sentensi ile moja tu. Dakika mbili za kumwonyesha kipimo cha "it" zingemtosha kwa miaka.

Mfano unaofundisha zaidi kuliko wote ni "used to", kwa kuwa humo "to" zote mbili zinaonekana katika maneno yanayofanana. "I used to work at night" maana yake nilikuwa nikifanya kazi usiku, zamani, na sasa sifanyi. Hiyo ni alama ya kitenzi. "I am used to working at night" maana yake nimezoea kufanya kazi usiku. Hiyo ni kihusishi, na kipimo kinathibitisha: "I am used to it", nimeizoea. Mwombaji wetu wa mapokezi anaweza kuhitaji sentensi hii hasa, maana hoteli huwa na zamu za usiku. Akiandika "I am used to work at night", msomaji hajui kama anasema amezoea au anasema aliwahi. Hapa kosa halibaki la sura tu, linagusa maana ya sifa anayojaribu kuionyesha.

Zipo nyingine za ukoo huu ambazo hutokea sana katika barua za kazi na wasifu. "In addition to teaching, I kept the school accounts": pamoja na kufundisha, nilitunza hesabu za shule. "I am committed to learning": nimejitoa kujifunza. "I am accustomed to dealing with guests": nimezoea kuhudumia wageni. Zote zinapita kipimo. Hata mkulima anayeeleza kazi yake "from planting to harvesting", tangu kupanda hadi kuvuna, anatumia kihusishi hichohicho, na "from" iliyotangulia inamkumbusha.

Turudi kwenye barua ya Arusha, kwa kuwa kubadilisha "meet" kuwa "meeting" kunamaliza kosa la sarufi lakini hakumalizi suala la adabu. Mwombaji bado hajaitwa kwenye usaili. Akiandika "I look forward to meeting you", anasema anangoja mkutano ambao mwenye kazi hajauahidi. Wengine hulichukulia jambo hili kama ujasiri mzuri. Mimi naliona kama kujikaribisha kabla ya hodi kuitikiwa. Katika barua ya kwanza ya maombi, ni heri "I look forward to hearing from you", yaani nangoja kusikia kutoka kwako, ambayo inamwachia msomaji nafasi ya kuamua. "Meeting you" ina mahali pake katika barua ya pili: ameshaitwa, tarehe imepangwa, naye anajibu kuthibitisha kwamba atafika. Hapo "I look forward to meeting you on Thursday" ni sentensi iliyotimia.

Na kama anataka kulitaja neno la kuonana tangu barua ya kwanza, anaweza kubadilisha usemi wote: "I would welcome the opportunity to meet you." Hapa "to meet" ni sahihi kabisa, kwa sababu baada ya "opportunity", nafasi, hufuata kitenzi chenye alama. Sentensi hii inaomba badala ya kuchukulia kuwa ameshapewa. Naipenda kuliko zile nyingine kwa mwombaji ambaye hajawahi kuonana na mwajiri.

Angalizo dogo kuhusu "hearing from you": hiyo "from" isiachwe. "I look forward to hearing you" maana yake nangoja kuisikia sauti yako, kama vile msomaji ni mwimbaji au mhubiri. Na "meeting" hutumika kwa mtu unayekutana naye kwa mara ya kwanza, au kwa kikao kilichopangwa. Kwa rafiki, shangazi au mwenzako wa kazi mnayefahamiana, sema "I look forward to seeing you".

Kiwango cha urasmi nacho hubadilika kwa neno moja. "I look forward to" ndiyo ya barua rasmi. "I am looking forward to" ina joto zaidi na hufaa kwa mtu mliyekwisha kuandikiana. "Looking forward to", bila mtenda, imezoeleka katika baruapepe fupi. Hiyo ya mwisho ni kipande cha sentensi ndefu ya zamani. Waandishi wa barua wa kizazi kilichopita walifunga hivi: "Looking forward to hearing from you, I remain, Yours faithfully". Sehemu ya "I remain" imeondoka katika barua za leo, na kipande cha mbele kimebaki peke yake. Katika barua rasmi ya maombi ni salama zaidi kuandika sentensi kamili yenye "I". Zingatia pia kwamba katika umbo la "I am looking forward to meeting you" kuna "-ing" mbili, na wengi huona ya kwanza inatosha wakaidondosha ya pili. Haitoshi. Ya kwanza ni ya njeo, inaonyesha tendo linaloendelea. Ya pili inadaiwa na kihusishi. Kila moja ina sababu yake.

Kuna hatari moja ambayo sarufi haiwezi kuionyesha, na kwa wasemaji wa Kiswahili ni hatari ya kweli. Neno letu "natarajia" halina furaha wala huzuni ndani yake. Tunatarajia mgeni, tunatarajia mvua, tunatarajia kuhudhuria mazishi. "Look forward to" haiko hivyo. Ndani yake mna furaha: ni kungoja kwa hamu jambo unalolitaka. Sasa fikiria mfanyakazi anayemwandikia bosi wake mgeni aliyefiwa na mama yake. Anataka kusema kwamba yeye na wenzake watafika maziko Jumamosi. Kwa Kiswahili angesema "tunatarajia kuhudhuria maziko", na hakuna wa kushangaa. Akiandika "We look forward to attending the burial", sarufi yake ni safi, "-ing" ipo, kihusishi kimeheshimiwa, na sentensi inamwambia mfiwa kwamba wenzake wanayasubiri maziko ya mama yake kwa furaha. Hapo aandike "We will attend the burial on Saturday", au "We expect to attend". "Expect" haina furaha, na kitenzi kinachoifuata huchukua alama: "to attend". Hali ni hiyohiyo unapotaja upasuaji, kesi mahakamani au kikao cha nidhamu. Ila ukikanusha, usemi hufaa kwa jambo baya: "I am not looking forward to the operation" ni njia ya kawaida ya kusema kwamba upasuaji unanitia hofu.

Hutokea pia kwamba anayengoja ni mmoja na atakayetenda ni mwingine. Meneja anataka kusema anangoja kwa hamu siku mfanyakazi mpya atakapojiunga nao. Kiswahili kinasema "natazamia ujiunge nasi", na mwandishi hushawishika kuandika "I look forward that you join us". Kiingereza hakikubali, kwa sababu kihusishi kile hakipokei kishazi kinachoanza na "that". Mtenda huwekwa katikati: "I look forward to your joining us", kwa umbo la umilikaji, au "I look forward to you joining us", ambayo ni nyepesi zaidi na husikika zaidi katika mazungumzo. Umbo la kwanza linafanana sana na Kiswahili cha "kujiunga kwako nasi": tendo limekuwa jina, na jina limepata mwenyewe. Mwandishi akiona sentensi inakuwa nzito, atafute nomino ya kawaida na kuachana na kitenzi. "I look forward to your reply" haihitaji "-ing" wala mtenda wa katikati, na haikosei kamwe.

Kwa ukamilifu, ipo hali moja ambapo "look forward" hufuatwa kihalali na "to" ya alama. Abiria amekaa kiti cha nyuma katika basi lililosimama, anainua shingo kutazama mbele ili aone kuna nini barabarani. Unaweza kuandika "He looked forward to see what was blocking the road". Hapa "look forward" ina maana yake ya macho, kutazama upande wa mbele, na "to see" inaeleza kusudi: ili aone. Ukiweza kuingiza "in order" kabla ya "to" na maana ikabaki, ni hali hii. Jaribu katika barua: "I look forward in order to meet you". Ingekuwa na maana kwamba mwombaji anatazama mbele yake ili akutane na mtu, na bila shaka hakukusudia hivyo.

Panapotokea usemi mwingine wenye "to", na kipimo cha "it" kikaacha shaka, kamusi ya wanafunzi hulimaliza suala kwa muda mfupi. Nasema kamusi ya wanafunzi, si kamusi yoyote. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Kiingereza Japani, aliona kwamba mgeni hahitaji maana ya neno tu, anahitaji kujua neno hilo hufuatwa na nini. Kamusi aliyoitunga na wenzake ilitoka huko Japani mwaka 1942, na mwaka 1948 ikachapishwa na Oxford. Ndiyo iliyokua na kuwa *Oxford Advanced Learner's Dictionary*, iliyomo katika maktaba nyingi za sekondari na vyuo vyetu. Fungua penye "look", shuka hadi kwenye semi zinazoundwa na kitenzi hicho pamoja na vielezi na vihusishi, na utafute "look forward to". Utaona vifupisho "sth" na "doing sth". "Sth" ni kifupi cha "something", maana yake hapa huwekwa nomino. "Doing sth" maana yake kikiwa kitenzi kinavaa "-ing". Kisha nenda kwenye "hope" na utaona "to do sth", bila "-ing". Fungua "used to" na utazikuta mbili zikiwa zimetenganishwa, moja ya zamani na moja ya mazoea, kila moja na alama zake. Vifupisho hivyo vidogo watu wengi huviruka wakitafuta maana, ilhali kwa mtu anayeandika barua ndiyo sehemu ya ukurasa yenye jibu lake.